Sekunde 10.4

Jumatano moja jioni binti yangu alirudi kutoka shule na kikaratasi alichokikunja mara nne. Kabla hata ya kuvua viatu alinipa nikifungue. Ndani kulikuwa na namba moja tu kwa mwandiko wa mwalimu wa michezo: 10.4. Walikuwa wamekimbizwa mita sitini, darasa la nne wote, wasichana kwa wavulana, na mwalimu alitangaza kwamba wasichana watakaokuwa chini ya sekunde 10.5 wataingia kwenye mchujo wa kata. Ana miaka kumi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ameambiwa na mtu asiye ndugu yake kwamba anaweza kitu.

Swali lake halikuwa la sekunde. "Baba, hiyo ni spidi ngapi?"

Nilimwelewa. Anakaa kiti cha mbele kwenye gari la mjomba wake, anaona mshale wa dashibodi ukipanda na kushuka, anajua kibao cha 50 barabarani kina maana gani. Sekunde ni namba ya mwalimu, kilomita kwa saa ndiyo namba ya watu wote. Mimi nimesoma mambo ya habari na mawasiliano, hesabu niliiaga kidato cha nne kwa furaha ya pande zote mbili, lakini hii nilidhani nitaiweza.

Tukakaa mezani na daftari. Mita sitini, sekunde kumi nukta nne. Gawanya umbali kwa muda: kila sekunde moja amepita mita 5.77. Tayari hiyo ni kasi, ila si ile ya dashibodi. Hapo wengi tunakimbilia kuzidisha kwa 3.6 bila kujua hiyo namba imetoka wapi, na binti yangu hakubali kitu ambacho hakijatoka mahali. Basi tukaenda polepole. Saa moja ina sekunde 3,600. Kama angeweza kushikilia mwendo ule saa nzima (hawezi), angepita mita 5.77 mara 3,600, ambazo ni mita 20,770 hivi. Kilomita moja ni mita 1,000. Kwa hiyo kilomita 20.8 kwa saa. 3,600 kugawa kwa 1,000 ndiyo hiyo 3.6, imefichwa tu.

"Ishirini!" alisema. Ile nukta nane aliitupa. Kisha akauliza kama tochi ya trafiki ingemkamata. Nikamwambia mjini ni hamsini, hapo bado yuko salama.

Ingeishia hapo ingekuwa jioni nzuri. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, nikiona namba moja natafuta ya pili ya kuiweka pembeni. Nikamtajia Ferdinand Omanyala, Mkenya, aliyekimbia mita mia kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika. Tukafanya hesabu ileile: mita 10.24 kwa sekunde, karibu kilomita 36.8 kwa saa. Binti yangu akaangalia namba mbili zikiwa zimepangana na kusema kwa utulivu mkubwa, "Kwa hiyo mimi ni nusu ya Omanyala na chenji."

Ni kweli, asilimia hamsini na sita. Na hapohapo nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa sikujua ni nini mpaka usiku nilipokuwa naosha vyombo. Tulikuwa tumelinganisha mita sitini na mita mia kana kwamba ni kitambaa kilekile kilichokatwa vipande viwili vya urefu tofauti.

Mbio haziko hivyo. Mtu anaanza akiwa amesimama. Mita za kwanza anazitumia kuutoa mwili mahali ulipo, na sekunde anazozipoteza hapo hazitegemei kama anakwenda mita sitini au mia, anazilipa mara moja tu mwanzoni, kama kiingilio. Anayekimbia mita sitini analipa kiingilio kilekile lakini ana mita chache za kukigawanya. Ukichukua wastani, mbio za sitini zitaonekana za taratibu kuliko za mia hata mkimbiaji akiwa yuleyule, siku ileile, kwenye mbio zilezile.

Mfano ulio wazi kabisa ni mbio za Usain Bolt kule Berlin, Agosti 2009, kwa sababu zilipimwa kipande kwa kipande. Mita mia kwa sekunde 9.58, hiyo kila mtu anaijua. Kisichojulikana sana ni kwamba alipofika mita ya sitini saa ilikuwa inasoma 6.31. Sasa chukua hiyo 6.31 na uifanyie hesabu ya dukani, sitini kwa 6.31, je, mia ni ngapi? Unapata 10.52. Yaani hesabu ya dukani inamtoa Bolt kwenye rekodi ya dunia na kumfanya mtu ambaye asingefika hata fainali ile. Imekosea kwa karibu sekunde nzima, na katika mbio hizi sekunde nzima ni bara na visiwani.

Kosa limetoka wapi? Mita kumi za kwanza, pamoja na kusubiri mlio wa bastola, zilimchukua sekunde 1.89. Mita kumi baada ya ile ya sitini zilimchukua 0.81. Mita arobaini za mwisho alizipata karibu bure, kwa sababu kiingilio alikwishalipa. Kwa wastani wa mita sitini Bolt alikuwa anakwenda kilomita 34.2 kwa saa, kwa wastani wa mia ni 37.6. Mtu mmoja, mbio moja, kasi mbili, na zote ni za kweli.

Kwa hiyo ukitaka kumlinganisha mtoto na mtu mzima kwa haki, usichukue sitini za mtoto na mia za mtu mzima. Muulize mtu mzima alipita sitini saa ngapi. Kwa Bolt jibu lipo. Ukimweka binti yangu pembeni ya Bolt wa mita sitini, 20.8 kwa 34.2, anapanda hadi asilimia sitini na moja. Asubuhi nilimweleza haya wakati anakunywa chai. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo ningepaswa kulitarajia.

"Na wewe je, baba?"

Hapa nisimame kidogo. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tumekua tukisimuliwa mbio ndefu, si fupi. Shujaa wetu alikuwa Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo kama mtu anayedaiwa. Siku zote niliichukua hiyo kama habari ya pumzi na uvumilivu. Wiki hii, kwa kuwa kikokotoo kilikuwa tayari kimefunguliwa, niliigawanya na yeye. Mita 7.07 kwa sekunde. Kilomita 25.4 kwa saa. Maana yake Bayi alikimbia kila mita mia kwa sekunde 14 na kidogo, mara kumi na tano mfululizo bila kupumzika. Nilikaa na hiyo namba muda mrefu. Mimi sikuwa na uhakika kama naweza kukimbia mita mia moja, mara moja, kwa sekunde 14.

Jumamosi tukaenda uwanja wa shule. Nilikuwa nimeazima tepu ya mita thelathini kwa fundi anayejenga jirani, ile ya kitambaa inayokunjwa kwenye kibweta, na nilibeba chupa mbili za maji za kuwekea alama. Mpango ulikuwa mwepesi: kuanzia mstari uleule walioanzia wao, kupima mita mia, kuweka chupa moja kwenye sitini na nyingine mwisho, mimi nakimbia, yeye anachukua video kwa simu akiwa amesimama usawa wa chupa ya sitini. Video ya simu ina faida moja kubwa: unaweza kuirudisha nyuma na kusoma muda wa kati. Stopuwachi ya mkono inakupa mwisho tu.

Mistari ya chokaa ya Jumatano ilikuwa bado inaonekana, wa kuanzia na wa kumalizia. Binti yangu alishika ncha ya tepu mwanzoni. Nikavuta mpaka thelathini, nikachomeka kijiti. Akaja kwenye kijiti, akashika, nikavuta tena.

Tepu ilipita mstari wa kumalizia na kuendelea.

Kwanza nilidhani imelegea. Nikaivuta ikakaza. Nikarudi nikaangalia kama ameshika kwenye sifuri, ameshika. Kutoka mstari wa kuanzia hadi chokaa ya kumalizia palikuwa na mita 57 na sentimita 20. Mwalimu alikuwa amepima kwa hatua, hatua sitini kubwa za mtu mzima aliyejiamini, na hatua zake zilikuwa pungufu kidogo ya mita moja moja. Ukiigawa, kila hatua ilipunguka chini ya sentimita tano, ambazo mtu hawezi kuziona. Sitini zake zinafika mita mbili na nusu na zaidi.

Nilisimama pale na chupa mkononi nikifanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya. 57.2 kugawa kwa 10.4 ni 5.5 kamili. Mara 3.6: kilomita 19.8 kwa saa. Ile ishirini yake haipo. Lakini hilo ni la majigambo tu. Lililoniuma ni lile la 10.5. Mita 2.8 zilizokosekana si mita za mwanzo, ni za mwisho, akiwa ameshachanganya, tuseme anakwenda mita sita na kidogo kwa sekunde. Zingemchukua kama sekunde 0.45. Mita sitini za kweli angezimaliza kwa 10.8 au 10.9. Angekuwa nje ya mchujo.

"Baba, mbona chupa umeiweka mbele ya mstari?" aliniuliza alipofika.

"Hiyo ni ya hesabu zangu," nikasema. Na si uongo, lakini nawajua wanasiasa walionijibu hivyohivyo, na niliwaandika vibaya.

Nikakimbia. Sitawachosha na maelezo. Kitu kimoja tu niseme: kwenye mita ya sabini miguu yangu iliacha kuwa yangu. Nilikuwa naiona chupa ya mwisho, nilikuwa nainua magoti, na uwanja ulikuwa umeacha kusogea. Nilipomaliza nilikaa chini kwenye nyasi na binti yangu akaja na simu akiwa anacheka mpaka ameinama.

Video ilionyesha hivi, tukihesabu tangu mguu wangu wa kwanza ulipotikisika. Chupa ya sitini: sekunde 10.0. Chupa ya mia: 17.2, labda na kosa la moja au mbili za kumi, kwa sababu yeye alikuwa amesimama kwenye sitini na ya mwisho aliiona kwa upande. Mita mia kwa 17.2 ni mita 5.81 kwa sekunde, kilomita 20.9 kwa saa.

Ishirini nukta nane, ishirini nukta tisa. Alipoziona pamoja alipiga yowe lililomtoa mlinzi kibandani.

Angalia sasa jinsi hesabu ileile inavyoweza kukudanganya kwa upande wa pili. Chukua 10.0 yangu ya sitini, ifanyie hesabu ya dukani, inatabiri mita mia kwa 16.7. Nilizimaliza kwa 17.2. Bolt alikuwa bora kuliko hesabu, mimi nilikuwa mbaya kuliko hesabu. Kwake kiingilio kiligawanywa na mita nyingi zaidi na akaendelea kwenda. Kwangu kiingilio kililipwa vilevile, ila mkoba ulikuwa umekauka. Mita sitini za kwanza nilikwenda kilomita 21.6 kwa saa pamoja na kuanza nikiwa nimesimama, arobaini za mwisho, nikiwa tayari niko mbioni, nilikwenda 20 tu. Mtu anayeongeza mwendo na mtu anayekufa njiani wanaweza kupata wastani unaofanana na wa mtoto, na wastani hausemi yupi ni yupi.

Mtoto mwenyewe aliliona kabla yangu. Akanyamaza kicheko, akauliza, "Lakini tungekuwa pamoja, kwenye sitini nani angekuwa mbele?"

Ndilo swali sahihi, na jibu la karatasini lilikuwa mimi, kwa sekunde 0.4, kama mita mbili na nusu. Kwa mita sitini za tepu ningekuwa mbele zaidi, karibu sekunde 0.8 au 0.9. Nilimpa jibu la kwanza. La pili sikumpa.

Jumamosi yote na Jumapili yote niliishi nalo. Jioni ya Jumapili alimwambia bibi yake kwenye simu, "Mimi na baba spidi moja," na bibi akacheka na kuahidi kuku. Nilijitetea kichwani kwa namna zote ambazo wazazi hujitetea. Watoto wote walikimbia mstari uleule, kwa hiyo nafasi zao hazibadiliki, wa kwanza ni wa kwanza. Hiyo ni kweli. Ila mwalimu hakusema wa kwanza hadi wa nne, alisema chini ya 10.5, na huko kwenye kata jina lake lingepangwa na majina ya shule nyingine kwa muda, si kwa nafasi. Muda bila umbali ni nusu ya habari. Kazini nimeandika masahihisho kwa kosa la jina la katibu tarafa, nikayaweka kwenye ukurasa wa pili kwa aibu. Hili nilikuwa naliacha lipite kwa sababu linamhusu mwanangu.

Jumatatu asubuhi, njiani kwenda shule, nilimwambia. Nilimweleza tepu, mstari, mita 57.2. Nilidhani atalia. Hakulia. Alitembea kidogo, akasema, "Kwa nini ulipima?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nilikuwa napima mia yangu.

"Ungepima mia yako kwingine."

Mwalimu wa michezo ni kijana mpole, ana darasa la watoto wengi kuliko anavyoweza kuwaita kwa majina, na stopuwachi aliyonayo ni yake mwenyewe, haikununuliwa na mtu. Nilimfuata wakati wa mapumziko, nikaanza kwa kuomba radhi. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema jambo ambalo bado nalifikiria: "Sawa, mzazi. Lakini shule zote kwenye kata wanapima kwa hatua. Nikirekebisha ya kwangu peke yangu, nawaonea watoto wangu. Wewe unajua mwenzangu wa pale ng'ambo hatua zake ni ndefu kiasi gani?"

Sikujua. Inawezekana wa ng'ambo ni mrefu na watoto wake walikimbia sitini na tatu. Kosa la kwetu tulilijua kwa sababu ya tepu ya fundi, la kwao halina tepu.

Hata hivyo aliikubali tepu. Yeye mwenyewe, bila mimi kusema, akaongeza jambo la pili. Ile Jumatano yeye alisimama mwisho na saa, na kiranja alipuliza filimbi mwanzoni. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo watoto waliokuwa karibu na filimbi waliisikia palepale, mwalimu aliisikia baada ya sekunde 0.17. Saa yake ilichelewa kuanza kwa kiasi hicho kwa kila mtoto, na kila mtoto akapewa zawadi ya karibu mbili za kumi. Ndiyo maana wapimaji wenye uzoefu huangalia moshi wa bastola, hawasubiri mlio. Akasema safari hii kiranja atashusha kitambaa, na saa itaanza kwa macho. Nilimheshimu sana kwa hilo. Sikuwa nimemuuliza.

Wakarudia Alhamisi. Niliomba ruhusa kazini nikasimama nyuma kabisa, karibu na mwembe, binti yangu asinione. Mita sitini kwa tepu, kitambaa chekundu, wasichana wanne wanne. Alikuwa kundi la tatu. Alianza vibaya, akanyanyuka mapema, na baada ya hapo alikimbia kama mtu aliyekasirishwa, jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa likiendelea.

10.7.

Mwalimu aliandika kwenye daftari lake na kuendelea na kundi lililofuata. Chini ya 10.5 walibaki wasichana wawili kati ya wale sita wa Jumatano. Binti yangu hakuwemo. Majina mawili yalikwenda kata.

Jioni hakuleta kikaratasi. Mimi ndiye niliyefungua daftari, nikaandika 60, nikaandika 10.7, nikamsogezea kikokotoo. Alikitazama kwanza. Kisha akagawanya mwenyewe: 5.61. Akazidisha mwenyewe: 20.2.

Akarudi ukurasa wa nyuma, kwenye Jumatano. Nilikuwa nimekwisha kuikata ile 60 na kuandika 57.2 juu yake kwa kalamu nyekundu, na chini yake 19.8. Akaweka kidole kimoja kwenye 19.8 na kingine kwenye 20.2.

"Leo nimekimbia haraka zaidi," alisema.

"Ndiyo. Na bila zile mbili za kumi za filimbi."

"Na leo ndiyo nimetolewa."

"Ndiyo."

Alikaa kimya kidogo akiangalia zile namba, kisha akaniuliza mchujo wa mwaka ujao ni mwezi gani, na kama ile tepu ya fundi tumekwisha kuirudisha. Nikamwambia bado iko kwenye gari la mjomba. Akasema tusiirudishe kwanza, kuna hatua za mwalimu wa ng'ambo anataka kuzipima.